Hotuba Fupi ya Mwenye Duka Katika Nchi ya Majani Chai

Hotuba fupi ya mwenye duka, kwa maana inayokusudiwa hapa, ni maneno ya dakika chache ambayo mfanyabiashara wa rejareja huyatamka mbele ya wateja wake katika siku aliyoitenga ili kuwashukuru, na ambayo kwa desturi huwa na sehemu mbili tu, yaani shukrani kwa wale ambao wamekuwa wakinunua kwake na tangazo la huduma mpya inayotarajiwa kuwafanya wanunue zaidi. Ufupi unaotajwa katika jina lake ni ufupi wa nia, si wa saa. Katika vilima vya Kericho na Bomet, ambako njia ya kwenda dukani hupita katikati ya chai na njia ya kurudi hupita katikati ya chai nyingine, hotuba ya aina hii ina mikosi yake ya pekee, na mikosi hiyo inastahili kuchunguzwa kwa utulivu, kwa kuwa hujirudia kila mwaka na chanzo chake kinajulikana.

Desturi yenyewe haikuzaliwa kijijini. Wiki ya kwanza ya mwezi wa Oktoba huadhimishwa katika nchi nyingi kama Wiki ya Huduma kwa Wateja, na nchini Kenya benki, kampuni na ofisi za umma huikaribisha kwa fulana za rangi moja na keki inayokatwa mbele ya kaunta huku foleni ikisubiri. Wenye maduka ya Litein, Kapkatet, Mogogosiek na Silibwet waliziona keki hizo walipokwenda benki, wakaona kuwa jambo hilo linawezekana hata kwa mandazi, wakalichukua pamoja na tarehe yake, na hapo ndipo mkosi wa kwanza ulipoingia bila kualikwa.

Oktoba, katika nchi ya majani chai, ni mwezi wa bonasi au ni mwezi wa kuisubiri. Bonasi ni malipo ya pili ambayo mkulima mdogo huyapata baada ya yale ya kila mwezi: viwanda vinavyosimamiwa na KTDA, shirika lililoanzishwa mwaka wa 1964 kama mamlaka ya serikali na kugeuzwa kuwa kampuni mwaka wa 2000, humlipa mkulima kiasi fulani kwa kila kilo ya majani mabichi mwezi baada ya mwezi, kisha mwaka wa hesabu unapofungwa tarehe 30 Juni, na hesabu za mauzo na gharama zikishapigwa, kinachobaki hugawanywa kwa kila kilo iliyopelekwa mwaka mzima. Kila kiwanda hutangaza kiwango chake, na katika miaka ya karibuni viwanda vya magharibi mwa Bonde la Ufa vimekuwa vikitangaza viwango vya chini kuliko vile vya upande wa Mlima Kenya, jambo ambalo hujadiliwa kwa ukali katika kila hoteli yenye benchi na birika la chai. Mwenye duka anayesimama kushukuru katika majira hayo huzungumza na watu ambao midomo yao inatabasamu na vichwa vyao vinagawanya. Bonasi ikiwa nzuri, nusu ya wasikilizaji wako mjini Kericho wakilinganisha bei za mabati; ikiwa mbaya, wote wamehudhuria, hata wale ambao hawajaonekana dukani tangu Machi, kwa kuwa wamesikia kutakuwa na chakula, na kila mmoja amekaa mbali na mwenye duka kadiri deni lake linavyomruhusu.

Mkosi wa pili hutoka juu. Kericho, pamoja na Nandi jirani yake, ni miongoni mwa sehemu zinazopigwa na mvua ya mawe mara nyingi zaidi duniani, na sababu yake ni ya kawaida kabisa: hewa yenye unyevu husukumwa kutoka Ziwa Viktoria kadiri mchana unavyopanda, hugongana na miinuko, hupaa na kupoa, na kufikia alasiri hushuka ikiwa mvua, na mara nyingi ikiwa barafu. Mambo haya hujulikana kwa kila mtoto wa shule katika eneo hilo, lakini hayajulikani kwa ratiba. Ratiba husema wageni watawasili saa nne, hotuba itakuwa saa sita na chakula saa saba. Wageni huwasili saa sita, mchungaji huomba hadi saa sita na nusu, msimamizi wa itifaki, yaani yule anayejua nani atajwe kabla ya nani, humtaja Bwana Chifu, kisha naibu wake, kisha wazee wa mtaa, kisha mwakilishi wa kiwanda ambaye hakuja, kisha aliyemwakilisha asiyekuja, na mwenye duka hupokea kipaza sauti saa nane kasoro robo, wakati ambapo wingu limekwisha kusimama juu ya paa la mabati kama mgeni wa heshima. Mawe yakianza kuligonga paa hilo, hakuna spika ya kukodi inayoweza kushindana nayo. Msemaji huonekana akifungua na kufumba mdomo, wasikilizaji humpigia makofi kwa adabu kila anapopumzika, na baadaye kila mtu huondoka na huduma mpya aliyoisikia yeye mwenyewe. Si jambo geni katika mazingira hayo kwa nusu ya kijiji kuamini kuwa duka litaanza kuuza gesi na nusu nyingine kuamini kuwa linafungwa.

Hata hivyo, bonasi na mawe ni mikosi ya nje. Mkosi mkubwa wa hotuba hii umo ndani ya duka lenyewe, chini ya kaunta, karibu na kisu cha kukatia sabuni ya mche, nao ni daftari. Daftari la deni ni kitabu cha shule chenye mistari ambamo mwenye duka huandika kilichochukuliwa bila kulipwa, na kwa kuwa mteja anayelipa taslimu haandikwi popote, duka la kawaida halina kumbukumbu nyingine ya majina ya watu isipokuwa hiyo. Matokeo yake ni ya kimantiki. Usiku wa kuamkia sherehe, mwenye duka anapoagizwa na msimamizi wa itifaki aandae orodha ya wateja wa kudumu watakaotajwa na kupewa leso au pakiti ya majani chai, yeye hufungua daftari na kunakili. Na akiwa amechoka hanakili, bali hulibeba daftari lenyewe hadi jukwaani.

Inafaa kueleza jinsi ukurasa wa daftari hilo unavyoonekana, kwa kuwa uandishi wake haukukusudiwa kusomwa kwa sauti. Majina ni machache na watu ni wengi, kwa hiyo mwenye duka huongeza alama za kumsaidia mwenyewe: Mama Cheptoo wa kisimani hutofautishwa na Mama Cheptoo wa pikipiki, fundi mrefu hutofautishwa na fundi wa maneno, na mzee fulani aliyewahi kuahidi kulipa kwa ndama huandikwa kwa jina la ndama. Mbele ya jina kuna bidhaa, sukari nusu, unga pakiti mbili, mafuta ya kupima, betri, kisha ahadi, ambayo mara nyingi ni neno moja tu kama vile Ijumaa, bila kusema ni Ijumaa ya mwaka gani. Mwenye duka anaposimama na kusalimu kwa Kikipsigis, akaitikiwa na umati, akashukuru kwa neno kongoi ambalo ndilo shukrani ya eneo hilo, kisha akavaa miwani na kuanza kusoma, "Tunamshukuru kwa namna ya pekee Mama Cheptoo wa kisimani, sukari nusu na sabuni, mwisho wa mwezi," hotuba huwa imekwisha kugeuka kuwa jambo jingine kabla hata msomaji hajatambua. Safu ya tatu huinama kutafuta kitu kilichoanguka. Fundi wa maneno, kwa mara ya kwanza, hana la kusema. Kogo mmoja, yaani bibi wa heshima, husimama na kuuliza kwa sauti kama yeye ambaye amelipa taslimu kwa miaka yote hiyo hakuonekana, na kwa hakika hakuonekana, kwa kuwa kulipa hakuachi alama.

Swali la kogo huyo ni zito kuliko kicheko kinachofuata. Mwenye duka hudhani kuwa mteja mkubwa ni yule mwenye ukurasa mrefu, ilhali hesabu husema vingine. Tuchukue, kwa mfano tu, duka ambalo katika kila shilingi 100 za mauzo hubakiza shilingi 8 baada ya kulipia bidhaa, kiwango ambacho katika sukari na unga si cha unyonge. Mteja akichukua bidhaa za shilingi 1,000 na asirudi, duka limepoteza shilingi 920 lilizozitoa kwa muuzaji wa jumla, na ili kuzirudisha kwa faida ya shilingi 8 kwa kila 100 ni lazima liuze bidhaa za shilingi 11,500 kwa watu wengine. Kwa maneno mengine, kogo anayenunua chumvi, kiberiti na majani chai ya shilingi 100 kila siku hutumia karibu miezi minne kuziba shimo lililochimbwa na mtu mmoja kwa siku moja, na katika sherehe ni huyo mchimbaji anayepewa leso. Zaidi ya hayo, kutangaza deni la mtu hadharani si utovu wa adabu peke yake: Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka wa 2019 inayahesabu maelezo ya namna hiyo kuwa data binafsi ya mhusika, na ingawa ni vigumu kumfikiria Kamishna wa Data akipanda kilima cha Mogogosiek kwa ajili ya sukari nusu, hakuna sababu ya kumwekea njia. Shukrani iliyo salama hutaja vitendo na si majina: waliokuja siku ya mvua, waliongoja bidhaa ilipochelewa, waliorudisha chenji iliyozidi. Kila msikilizaji hujiweka mwenyewe katika fungu analolipenda, na hakuna anayeweza kubisha.

Sehemu ya pili ya hotuba, yaani tangazo, ndiyo yenye faida zaidi kuichunguza, na huduma inayofaa kuchukuliwa kama mfano ni ile inayoziba jeraha la daftari, nayo inaweza kuitwa mkopo wa risiti. Mkulima anapofikisha majani yake katika kituo cha kununulia, karani huyapima kwa mizani ya elektroniki na mashine ndogo humchapia karatasi inayoonyesha nambari ya mkulima na uzito wa siku hiyo. Karatasi hizo, zikijumlishwa, ni picha ya malipo yatakayoingia mwezi unaofuata, na mwenye duka anayezitazama anaweza kukadiria mteja wake atakuwa na nini, badala ya kukadiria uso wake. Huduma ni kwamba mteja huleta risiti za mwezi uliopita, duka hujumlisha kilo, humwekea kikomo cha kukopa, na kila kinachochukuliwa huandikwa katika vitabu viwili, kimoja cha duka na kimoja kidogo kinachokaa kwa mteja, ili mwisho wa mwezi asiwepo mtu wa kuapa kuwa hajawahi kununua betri.

Mwenye duka aliyesoma biashara hutamani kutangaza kikomo hicho kwa asilimia, na hapo hukosea. Asilimia haisikiki chini ya mabati. Isitoshe, wasikilizaji wake ni watu ambao maisha yao yote ya fedha hupimwa kwa shilingi kwa kilo, ambao hubishana juu ya nusu shilingi ya bonasi kwa usahihi ambao mhasibu angeuonea wivu, kwa hiyo kikomo kinachosemwa kwa lugha ya kilo huingia moja kwa moja. Tuchukue boma lililopeleka kilo 300 kwa mwezi, na tuchukue, kwa wepesi wa hesabu, malipo ya mwezi ya shilingi 20 kwa kilo, ambayo ni shilingi 6,000. Katika hizo hukatwa mbolea, ile ya chai iliyochukuliwa kwa mkopo kupitia kiwanda, pamoja na makato mengine, tuseme shilingi 1,500, na boma hubaki na 4,500. Duka likitoa mkopo wa shilingi 7 kwa kila kilo, kikomo ni 2,100, kiasi kilicho chini ya nusu ya kitakachopokewa, na boma hubakiwa na kitu cha shule, cha kanisa na cha kumlipa mchumaji. Tangazo lote linaweza kusemwa kwa pumzi moja: kilo moja, shilingi saba. Hata fundi wa maneno hawezi kulirefusha.

Lakini hesabu hii nzuri ina udhaifu, na udhaifu huo huanguka kutoka mbinguni pamoja na mkosi wa pili uliotajwa. Mawe yakipiga shamba, majani mawili na chipukizi, ambayo ndiyo mchumaji huyatafuta, huchanika na kudondoka, na mche huhitaji wiki kadhaa kabla haujatoa machipukizi mengine ya kuchumwa. Boma lililopeleka kilo 300 mwezi wa Septemba linaweza kupeleka 120 mwezi wa Oktoba, ambazo kwa kiwango kile kile ni shilingi 2,400, na makato ya 1,500 yakitoka hubaki 900, huku deni la dukani likisimama kwenye 2,100 lililopewa kwa imani ya Septemba. Hakuna aliyekosa hapo isipokuwa wingu. Dalili huonekana mapema kwa anayetazama: uchumaji hurudi katika shamba moja kila baada ya wiki moja hadi mbili, kwa hiyo mwenye duka anayeomba kuona risiti za mwezi unaoendelea, na si za mwezi uliopita peke yake, ataona uzito ukishuka katika mzunguko wa kwanza baada ya mawe, na atapunguza kikomo kabla deni halijapanda. Jambo hilo sharti lisemwe katika hotuba, tena mapema, kwa kuwa mteja anayepunguziwa sukari bila kuambiwa sababu huamini kuwa amesengenywa.

Risiti zenyewe nazo zina tabia zake. Maandishi yake hufifia yakipata joto, na mahali panapopendwa kuhifadhiwa karatasi za maana katika nyumba nyingi ni juu ya kabati la jikoni. Nyingine hufuliwa pamoja na aproni ya kuchumia. Mwenye duka asiyeonya mapema hupokea tarehe moja bunda la karatasi nyeupe kabisa, likiambatana na kiapo. Kuna pia risiti zinazotembea, ambazo huonyeshwa duka la kwanza asubuhi, la pili mchana na la tatu jioni, na kila duka hutoa mkopo kwa kilo zile zile, hivi kwamba kilo 300 zilizopimwa mara moja kituoni hugeuka 900 sokoni. Dawa yake ni muhuri wa mpira unaopigwa nyuma ya risiti, si mbele, kwa sababu mkulima bado anaihitaji ili kulinganisha na hesabu ya kiwanda, na muhuri wenye wino mwingi unaofunika uzito humfanya mwenye duka adaiwe kilo ambazo hakuzichuma.

Tatizo lililo gumu zaidi halina dawa ya muhuri. Katika maboma mengi nambari ya mkulima imeandikishwa kwa jina la mume, na malipo huingia katika akaunti yake, ilhali aliyechuma, aliyebeba kikapu na aliyesimama kwenye foleni ya mizani ni mke, na ndiye pia anayekuja dukani kuchukua unga. Chini ya daftari la zamani mke hukopa kwa jina lake na mwenye duka humfuata yeye. Chini ya mkopo wa risiti, deni hutegemea fedha ambazo mkopaji hazioni zikiingia. Mwenye duka anayetangaza hadharani, kwa furaha, kuwa "sasa kila mama aliye na risiti atakopa bila wasiwasi," hugundua kutoka safu ya wazee, ambako mikono imekunjwa na fimbo zimesimama wima, kuwa wasiwasi umehamia mahali pengine. Mmoja huuliza, kwa upole wa kutisha, ni kilo ngapi zilizosomwa kwa nambari yake mwezi uliopita na ni nani aliyezisoma. Njia ya amani, iliyo ndefu lakini isiyovunja nyumba, ni kitabu kidogo cha mteja kufunguliwa na wote wawili, mwenye nambari na mwenye kikapu, wakiwa wamesimama pamoja mbele ya kaunta na wakikubaliana ni nani atakayechukua na ni nani atakayelipa. Wanaoona jambo hilo kuwa usumbufu wana haki ya kuendelea kununua taslimu, na kwa hesabu iliyotangulia hao ndio wateja bora. Kuhusu wale wanaouza sehemu ya majani yao kwa wanunuzi wa barabarani wanaolipa papo hapo, inatosha kusema kwamba kilo zisizo na risiti hazina mkopo, na kwamba wao wenyewe, wakiwa na fedha mkononi, hawakuja kuomba.

Malipo ya deni yanaweza kupitia nambari ya tili ya Lipa na M-Pesa, na hili lingepitwa kwa sentensi moja kama si tabia ya tarakimu kuharibika zikitamkwa kwa kipaza sauti. Saba na sita hazitofautiani sana ndani ya spika iliyopasuka, na msemaji aliyeshikwa na msisimko anaweza kutaja nambari yake ya simu badala ya tili, kisha ashinde wiki nzima akipigiwa na watu wanaomuuliza kama yeye ndiye duka. Nambari haitamkwi; huandikwa kwa rangi ubaoni na kusimamishwa mlangoni, na mteja huambiwa jambo moja tu, kwamba ujumbe wa uthibitisho utakaoingia kwenye simu yake ni lazima utaje jina la duka, na ukitaja jina jingine asiondoke hapo alipo.

Kwa kuzingatia hayo yote, hotuba inayofaa inaweza kutungwa kwa kipimo cha wingu, na mfano wake ni huu:

"Bwana Chifu, mchungaji, wazee wetu, kina mama na vijana, chamgei. Duka hili linawashukuru waliokuja siku za jua na waliokuja siku za mawe, waliotungoja lori lilipokwama, na waliorudisha chenji tulipokosea. Kongoi. Kuanzia tarehe 1 Novemba kutakuwa na mkopo wa risiti. Leteni risiti za majani za mwezi uliopita na za mwezi huu. Kila kilo moja ni shilingi saba za bidhaa. Mwenye nambari na mwenye kuchuma waje pamoja kufungua kitabu, na kitabu kimoja kitakaa kwenu. Deni hulipwa malipo ya mwezi yanapoingia, halingojei bonasi. Mawe yakipiga, kikomo kitashuka kwa wote, na kitapanda chai ikichipua. Nambari ya kulipia iko mlangoni. Anayelipa taslimu hana kitabu, lakini kila anaponunua atapigiwa muhuri katika kadi yake, na kadi ikijaa atapata pakiti moja ya sukari. Chakula kiko tayari."

Maneno haya husomwa kwa muda usiofika dakika mbili, na sentensi yake ya mwisho ndiyo pekee ambayo wasikilizaji huikumbuka neno kwa neno. Kadi ya muhuri kwa wanaolipa taslimu imeingizwa kwa makusudi, kwa kuwa kogo aliyeuliza swali lake mbele ya watu atauliza tena mwaka ujao, na ni heri akutwe amejibiwa. Kuhusu sharti la kutongojea bonasi, ndilo litakalopingwa zaidi, na pasiwe na kulegeza: mwenye duka anayekubali kulipwa kwa bonasi amejigeuza kuwa mwenye hisa wa kiwanda bila kuwa na kura katika mkutano wake.

Wanaoandaa siku kama hiyo Oktoba ijayo wanaombwa waanze saa tatu asubuhi, wamwombe mchungaji ombi la kufungia badala ya la kufungulia, na daftari la deni walifungie kabatini, ufunguo wakampe mtu ambaye hamo ndani yake.